Tangi Lisilongoja Wageni

Dada yangu mkubwa alikuwa mkunga wa zahanati, na pikipiki aliyoipanda aliachiwa na marehemu baba. Ilikuwa kuukuu, nyeusi, nzito kama ndama, na kwa miaka yote tangu baba azikwe ilikuwa imelala kwenye kibanda cha kuku nyuma ya nyumba yetu huko Riruta. Mwishoni mwa miaka ya themanini dada aliitoa, akaifuta mavi ya kuku, akatafuta leseni, akaanza kuzunguka nayo Kawangware na Kangemi akiwatembelea wanawake waliojifungua. Alikuwa mwanamke wa umbo, mshiriki wa kwaya, na alipanda akiwa na sare yake ya kazi na sweta ya samawati. Watu walimpisha njia bila kuambiwa.

Shida ilikuwa moja. Pikipiki ilizimika.

Haikuzimika popote tu. Ilikuwa na mahali ilipopapenda. Dada alizoea kukata kupitia Lavington ili akwepe mashimo, na karibu kila safari, mbele ya ukuta mmoja mrefu uliofunikwa na maua ya zambarau, injini ilikohoa mara kadhaa ikanyamaza. Askari wa lango la pale alimzoea hata akawa anamtolea kibao cha kukalia.

"Sister, leo ng'ombe amekataa tena?" alimuuliza.

"Amekataa. Ngoja apumue."

Na kweli baada ya kupumua iliwaka. Ndiyo maana kwa muda mrefu dada aliamini kwamba pikipiki ya baba ilikuwa na roho ya baba, kwani baba naye hakuwa mtu wa kupanda mlima bila kupumzika.

Ni kwenye ukuta huo alipokutana na yule mwalimu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipita pale kwa miguu kila jioni akitoka kazini. Siku ya kwanza aliisukuma pikipiki hadi barabara kubwa. Siku ya pili akaisukuma hadi Kawangware. Baadaye akawa anachelewa kutoka shuleni kwa makusudi ili aikute imezimika. Wengine huposa kwa barua. Huyu aliposa kwa kusukuma, na mimi nilipomwona mara ya kwanza nyumbani, shati limemganda mgongoni na anamwomba mama maji, nilijua kwamba mtu huyu ana nia.

Tatizo la pikipiki lilielezwa na fundi wa Dagoretti Corner, aliyefanyia kazi zake chini ya mabati kando ya kituo cha magari. Alifungua kabureta, akamwaga kilichokuwemo kiganjani, akatuonyesha unga mwekundu kama pilipili ya kusagwa.

"Hii si roho ya mtu," alisema. "Hii ni kutu. Tangi yako imeoza ndani. Kutu inashuka na petroli, inaziba koki. Ukisimama, inarudi chini, petroli inapita kidogo. Ukienda, inaziba tena."

Kisha akapitisha kidole chini ya tangi na kikatoka na unyevu. Palikuwa na vitundu vidogo vilivyokuwa vikitoa jasho la petroli. Akachukua sabuni ya kipande, akaisugua juu ya vitundu mpaka jasho likakoma.

"Hiyo itakufikisha wiki ijayo," alisema. "Lakini dawa ni tangi mpya."

Tangi jipya la pikipiki ile halikuwepo Nairobi nzima. Fundi akapendekeza akate tangi katikati kwa moto, alisugue, alichomelee tena. Dada alikunja uso. Alikuwa ameshauguza watu waliochomelea matangi ya petroli, na hakuwa amewauguza wakiwa wazima. Akalifungua tangi mwenyewe siku hiyo hiyo, akalifunga kwa kanga, na kesho yake, kwa kuwa mimi nilikuwa karani katika ofisi moja mjini na nilizijua njia za huko, akaniambia nimpeleke River Road.

Huko palikuwa na duka la rangi na gundi la mzee mmoja wa Kihindi. Mzee alikaa mbele juu ya stuli ndefu, na mkewe alikaa nyuma yake akimsahihisha. Dada alieleza shida yake, akaomba dawa ya kupaka ndani ya tangi. Mzee hakugusa rafu. Alichukua tochi, akafungua kanga, akachungulia ndani ya tangi jinsi daktari anavyochungulia koo.

"Mama, mimi iko na dawa," alisema. "Lakini siuzii wewe leo."

"Kwa nini?"

"Hii yote kutu. Wewe nataka paka dawa juu ya kutu? Kutu itabanduka na dawa itabanduka nayo. Halafu mtasema dawa ya mimi mbaya."

"Mwambie na ile gundi ya kawaida," mkewe alisema.

"Nakuja huko. Na usinunue gundi ya kawaida. Petroli nakula hiyo kama sukari."

Basi wakatufundisha wote wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Kwanza, tangi lioshwe kwa maji moto na sabuni mpaka lisinuke petroli hata kidogo, maana tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Pili, litiwe mnyororo litikiswe, kutu iliyolegea itoke. Tatu, lijazwe siki hadi mdomoni, si nusu, kwa kuwa dari la tangi nalo lina kutu, na liachwe siku kadhaa. Nne, lisafishwe kwa maji ya magadi ili ukali wa siki ufe. Kisha likaushwe upesi, upesi sana, kwa sababu chuma kilichosuguliwa ni kama mtoto aliyetoka kuoga: ukimwacha na maji, anashikwa na ugonjwa palepale. Kutu mpya huota wakati unatazama.

"Na hiyo dawa ikichanganywa," mzee alimalizia, "hakuna ngoja. Makopo mawili. Zikikutana, kazi inaanza. Unageuza tangi, unageuza, unageuza, mpaka kila kona imepata. Ukiacha, yote inakaa chini na inaganda hapo kama mawe."

Dada alishukuru. Tulirudi nyumbani na kanga yetu, bila dawa, na kwa kweli mimi niliona tumefukuzwa dukani. Dada aliona tumepokelewa.

Kuosha kulikuwa rahisi. Kutikisa kulitutia adabu. Tulitia mnyororo wa baiskeli na maji kidogo, tukaziba mashimo, tukalifunga tangi ndani ya blanketi, tukashika pembe mbilimbili na kulibembea uani kama mtoto mkaidi. Kelele zake zilikuwa za kutisha. Siku hiyo mama alikuwa na mkutano wa maombi sebuleni na akina mama wenzake, na kila walipofika mahali pa kunyamaza, tangi lilijibu. Mwishowe mama alitoka na Biblia mkononi.

"Mnafukuza pepo gani huko nje ambaye sisi hatumjui?"

Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Mnyororo, ulioingia kwa ulaini, ulikataa kutoka. Tulihangaika nao jioni nzima kwa waya wa kutundikia nguo, dada akiongea nao kwa sauti ile ile aliyowaambia nayo wanawake wasukume. Ulitoka hatimaye, ukiwa umetangulia kwa kichwa, dada akisema, "Haya, huyo amekuja."

Siki ilileta uvumi. Dada alinunua chupa zote kwenye duka la Dagoretti Corner, kisha akavuka barabara akanunua zote za duka la pili. Nyumba ilinuka achari. Jirani mmoja alimuuliza mama kwa upole kama tumeanza biashara. Tulilijaza tangi mpaka mdomoni, tukaliweka kwenye karai kwa sababu vile vitundu vilivuja, na kila asubuhi dada aliongeza siki kabla hajanywa chai. Siku ya kuimwaga alimulika ndani kwa tochi, akaniita. Chuma kilikuwa cha kijivu, safi, tangu mbele hadi nyuma. Alichungulia kwa muda mrefu.

"Baba hakuwahi kuona hii," alisema.

Tulipotia maji ya magadi, siki iliyobaki iliumuka, povu likapanda mdomoni mwa tangi na kumwagika kwenye viatu vyangu vya ofisini. Lakini hapakuwa na nafasi ya kuomboleza viatu. Tangi lilikuwa na maji na saa ilikuwa inakimbia. Jua lilikuwa limejificha, ni Julai, na Julai ya Nairobi haikaushi hata leso. Dada alisuuza, akamwaga, akalikumbatia tangi kifuani na kuondoka nalo mbio kuelekea Dagoretti Corner. Mimi nilimfuata nikidhani amechanganyikiwa.

Aliingia saluni.

Mwenye saluni alikuwa mwanamke ambaye dada alimzalisha watoto wake wote. Ndani kulikuwa na wateja wamekaa chini ya zile kofia kubwa za kukaushia nywele, vichwa vimejaa rola. Dada alikaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, akaweka tangi kwenye stuli, akavuta kofia ya mashine na kulifunika.

"Hiyo ni nini?" mwenye saluni aliuliza.

"Mteja. Anataka kukaushwa."

"Ina petroli?"

"Nusa."

Mwenye saluni alinusa, akakunja pua. "Hii ni siki."

"Basi. Petroli ilishatoka kitambo, imeoshwa na kuoshwa. Weka moto wa kadiri."

Mama mmoja mwenye rola aliligeukia tangi lililokuwa kando yake, akalitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Angalau hili halina kelele za mume." Saluni nzima ikaangua kicheko. Kila baada ya muda dada aliligeuza ili hewa ya moto iingie kwa mdomo na kutoka kwa tundu la koki. Lilipotoka chini ya kofia lilikuwa kavu, moto, na bado la kijivu. Kesho yake asubuhi, ambayo ilikuwa Ijumaa, tulilipeleka River Road. Mzee alimulika, akampa mkewe naye amulike, kisha akashusha makopo mawili. Mchana huo dada aliingia zamuni hadi usiku, kwa hiyo kupaka kukangoja.

Sasa lazima niseme kwamba wakati huo huo yule mwalimu alikuwa ametuma habari. Wazee wa kwao wangekuja Jumamosi saa sita mchana kujitambulisha. Mama aliandaa nyumba. Mjomba wetu, kaka ya mama, alikuja kutusemea kama baba. Mbuzi alichinjwa, chapati zikapangwa, na dada akavaa gauni la maua lililomfanya aonekane kama mtu mwingine. Lakini kulikuwa na wasiwasi. Habari zilikuwa zimetufikia kwamba baba mdogo wa mwalimu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wao, hakupenda jambo la mwanamke kupanda pikipiki. Alitaka liondolewe kabla mengine hayajazungumzwa.

Saa sita ilifika, wageni hawakufika. Saa nane vilevile. Saa tisa mjomba alilala kwenye kiti akiwa na kofia usoni. Saa kumi chapati zilikuwa zimekakamaa na mama alikuwa akizifunua na kuzifunika tena.

"Hawaji," dada alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini niliona alivyokuwa akikung'uta gauni mahali pasipo na vumbi. "Wameambiwa habari za pikipiki wakarudi njiani. Sawa. Tangi nalo likikaa usiku mwingine na huu ukungu litashika kutu tena. Njoo unishikie."

Tulikwenda veranda ya nyuma. Alivaa aproni juu ya gauni na glavu zake za kazini. Tulipaka grisi kwenye boliti tuliyozibia tundu la koki ili isigande humo, tukabandika utepe kwa nje juu ya vile vitundu. Akachanganya makopo mawili, akakoroga, akamimina ndani, nikafunga mdomo wa tangi kwa karatasi ya nailoni na utepe mwingi. Akaanza kugeuza.

Ndipo tukasikia gari getini.

Walikuwa saba, wamebanana kwenye gari dogo lililopata pancha mara mbili njiani. Mama aliwapokea kama kwamba saa kumi ndiyo saa sita. Mjomba aliamka akitoa salamu kabla hajafumbua macho. Sisi huko nyuma tulitazamana.

"Nipe mimi, nenda," nilimwambia.

"Hujui kugeuza. Utaacha pembe."

Kutoka sebuleni sauti nzito ilisema, "Tumechelewa, kwa hiyo hatutazunguka. Tunaomba kwanza kumwona msichana."

Mama aliita. Aliita tena. Dada alivuta pumzi akaingia sebuleni akiwa na gauni la maua, aproni, glavu za mpira na tangi mikononi, akiligeuza polepole, ubavu huu, ubavu ule, kichwa chini.

"Hamjambo wazee wangu," alisema. "Nisameheni siwapi mkono. Nikiliweka chini litaganda upande mmoja."

Nilimwona mama akifumba macho.

Mwalimu ndiye aliyeinuka. Alivua koti, akalipokea tangi, akaanza kuligeuza vilevile alivyomwona dada akifanya. "Umefanya sehemu ya mbele?" aliuliza. "Bado pale juu, karibu na mdomo," dada akajibu. Baba mdogo wa mwalimu, mzee mrefu mwenye suti ya kijivu na fimbo, aliwatazama wawili hawa kama mtu anayetazama sinema isiyo na sauti.

"Hiki ni kitu gani?" aliuliza.

"Ni tangi la pikipiki, baba," mwalimu alisema. "Lilikuwa na kutu."

"Pikipiki," mzee alisema. "Ndiyo hiyo hasa tuliyokuja..."

"Baba, nisaidie kidogo, miwani inaanguka."

Na kwa sababu mwili ni mwepesi kuliko maamuzi, mzee alinyoosha mikono. Tangi likawa kwake. Alilishika wima, asijue la kufanya.

"Usisimamishe, mzee," dada alimwambia. "Geuza. Taratibu, kama unamgeuza mtoto mchanga."

Mzee akageuza. Akajaribu kuendelea na hotuba yake huku akigeuza. "Nasema hivi. Kwetu hatujazoea mwanamke, hii inakwenda wapi sasa, hatujazoea mwanamke kuonekana barabarani juu ya..."

"Kichwa chini, mzee. Dari bado."

"Juu ya pikipiki. Watu watasema nini?"

Dada alikuwa amesimama mbele yake, mikono yenye glavu imening'inia. Hakuinua sauti.

"Mzee, watu ndio wanaoniita. Mama akishikwa na uchungu Kawangware na mvua imenyesha, gari haliingii kule kwenye tope. Mimi naingia. Nikiacha pikipiki, mniambie nani ataingia, nami nitaiacha leo."

Kilichosikika ni dawa nzito ikitambaa ndani ya tangi. Kisha mzee akaliinamisha, akalisikiliza kwa sikio, akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka kwenye jambo moja kwenda jingine, "Huku nyuma haijafika. Nasikia inapita upande wa kulia tu."

Kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa na utaratibu wake. Aliyekuwa na tangi ndiye aliyesema. Mjomba alilipokea akatoa asante za ukoo wetu, akalipitisha. Mgeni mmoja aliyekuwa seremala alisisitiza kwamba kila mmoja aliinamishe kwa pembe zote nne kabla ya kumpa mwenzake. Tone lilipenya kwenye utepe likaangukia kiatu cha yule mzee, akakitazama, akasema, "Endeleeni." Mama alikuwa ameleta chai, na wazee walikunywa kwa zamu wakisubiri tangi liwafikie.

Dawa ilipoanza kunata, dada alilirudisha verandani, akafungua boliti, na ziada ikamiminika taratibu kwenye kopo ili isituame chini. Boliti ilitoka bila kugoma, shukrani kwa grisi. Mdomo ukaachwa wazi, tangi likaegemezwa ukutani kukauka kwa siku zake. Mzee alitoka na fimbo yake, akamulika ndani kwa tochi ya dada. Ndani kulikuwa laini, kunang'aa kama bakuli la kauri.

"Kunapendeza," alisema. Kisha akamgeukia dada. "Lakini usije kwangu na hiyo pikipiki ukiwa umevaa suruali."

"Siji na suruali, mzee," dada alisema, na kwa kweli hakuwahi.

Tulingoja wiki nzima, fundi wa Dagoretti Corner akasafisha kabureta, akafunga koki mpya na chujio dogo kwenye bomba la petroli. Dada alipita Lavington siku hiyo bila kusimama. Askari wa lango alisimama akiwa na kibao mkononi, akampungia. Mwalimu, aliyekuwa akingoja kando ya ukuta kwa mazoea, alibaki amesimama na mikono mitupu, na ilibidi dada ageuze pikipiki arudi kumchukua.

Harusi yao ilikuwa Desemba, wakapanga nyumba hapo hapo Riruta, karibu na mama. Miezi michache baadaye yule mzee alikuja tena Riruta, safari hii peke yake, bila suti. Alikuwa amebeba gunia begani. Mama alimkaribisha ndani akidhani kuna neno la ukoo. Mzee alikunywa chai, akauliza habari za afya, akaeleza hali ya kahawa yake shambani, kisha akafungua gunia na kutoa tangi dogo la pampu ya maji, lililoliwa na kutu hadi shingoni.

"Mkwe wetu yuko kazini?" aliuliza. "Nimekuja na siki yangu mwenyewe."